Usukani unacheza, vikanyagio vinawasha nyayo: anza na injini au na gurudumu?

*Swali: Fundi, shikamoo. Nina bodaboda ya sisi 150, tairi za inchi 17, naendesha Morogoro mjini na mara nyingine napeleka mzigo Mikese. Mwezi uliopita injini ilishushwa kubadilishwa pistoni na ringi, na siku hiyohiyo nikafunga tairi jipya la mbele. Tangu hapo nikifika sitini usukani unacheza, vikanyagio vinawasha nyayo mpaka ganzi, na vidole vinabaki vinawasha hata nikishapaki. Fundi mmoja kasema ni beringi za usukani, mwingine kasema nibalansi tairi. Mimi mwenyewe nimekaza nati zote lakini bado. Nianzie wapi?*

Marahaba. Kwa maelezo yako naona kuna matatizo mawili yaliyoingia siku moja, na ndiyo maana mafundi wako wanapishana. Usukani unaocheza mpaka unauona kwa macho na muwasho unaopanda miguuni ni mitetemo miwili tofauti, na kila mmoja una chanzo chake. Ukiitibu kama mmoja utabadilisha vipuri vizima na pikipiki itabaki vilevile.

Tupige hesabu kidogo. Gurudumu la inchi 17 likiwa na tairi lake lina mzunguko wa karibu mita 1.8. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kwa sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara tisa hivi kila sekunde. Injini yako kwa mwendo huo, ikiwa gia ya mwisho, iko kwenye mizunguko 5,000 hivi kwa dakika, ambayo ni zaidi ya 80 kwa sekunde. Kitu kinachokusukuma mara tisa kwa sekunde unakiona na unaweza karibu kukihesabu: ndicho kinachochezesha usukani. Kinachokupiga mara 80 kwa sekunde macho hayakioni, ila ngozi na mishipa ya fahamu inakipokea kama muwasho, halafu ganzi. Kwa hiyo nyayo zako zinalalamikia injini, na usukani unalalamikia gurudumu. Hilo ndilo ninalolidhania kabla hujaifungua. Sasa ulithibitishe.

Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka nyutro, washa injini ipate moto, kisha ongeza resi taratibu sana huku umeshika kikanyagio kwa mkono mmoja. Muwasho ukitokea pikipiki ikiwa imesimama, gurudumu halihusiki kabisa. Halafu nenda barabarani, sehemu iliyo kavu, tupu na tambarare. Fika 60 ukiwa gia ya mwisho, sikilizia, kisha shusha gia moja huku ukibaki 60 ileile. Mwendo haujabadilika ila injini sasa inazunguka kwa kasi zaidi. Mtetemo unaobadilika hapo ni wa injini. Unaobaki vilevile ni wa magurudumu. Mwisho, ukiwa 60 vuta klachi, acha injini ishuke sailensi, na pikipiki iserereke yenyewe. Kinachoendelea kucheza na klachi imevutwa kinatoka kwenye gurudumu au tairi. Mikono yote miwili ibaki kwenye usukani muda wote. Nimeona vijana wanaachia usukani ili waone unavyocheza, na pikipiki inayocheza usukani namna hiyo inaweza kukutupa kabla hujaurudisha mkono.

Tuanze na nyayo, kwa sababu hapo ndipo ulipokwama uliposema umekaza nati zote.

Injini ya silinda moja haiwezi kuwa tulivu kabisa. Pistoni inapanda, inasimama, inashuka, na kila inapogeuka inaivuta injini nzima juu au chini. Uzito uliowekwa kwenye krenki unapunguza mvuto huo lakini hauumalizi, maana ukiuongeza ili kuzuia wa juu na chini unaleta wa mbele na nyuma. Kinachobaki kinapita kwenye bolti za injini kwenda kwenye fremu. Bolti zikiwa sawasawa, injini na fremu vinakuwa kitu kimoja kizito na mtetemo unagawanyika humo. Bolti ikicheza, hata kwa unene wa karatasi, injini inaanza kuigonga fremu mara 80 kwa sekunde. Kikanyagio kiko karibu kabisa na hapo, na katika pikipiki nyingi za kazi bomba la vikanyagio limefungwa chini ya injini kwa bolti nne. Miguu yako inapata habari kabla ya sehemu nyingine yoyote ya mwili.

Usianze na spana. Osha sehemu ya injini, ikauke, endesha siku mbili tatu, kisha chukua tochi uangalie kila bolti inayoshika injini. Kiungo kinachocheza kinaacha alama. Chuma kikisuguana na chuma kinatoa unga laini mwekundu wa kahawia unaozunguka washa au unaochuruzika kutoka ukingoni mwa kibao kinachoshikisha injini kwenye fremu. Upande wa injini, ambao ni alumini, unga huo huwa wa kijivu kilichoiva au mweusi. Angalia pia rangi ya fremu kuzunguka tundu: ikiwa imepasuka duara, au chuma kimeng'aa kama kilichopigwa msasa, bolti hiyo inatembea hata kama spana inakwambia imekaza.

Kuna pikipiki ya sisi 150 ya mzigo niliyoipokea na malalamiko kama yako, nayo ilikuwa imetoka kushushwa injini. Mwenyewe aliniapia kwamba nati zote zimekazwa, na ni kweli zilikuwa zimekazwa. Nilipoangalia bolti ya juu ya nyuma niliona unga mwekundu upande mmoja tu. Nikaitoa. Tundu lilikuwa la milimita 10, bolti iliyokuwemo ilikuwa ya milimita 8. Ile ya asili ilipotea wakati wa kazi, ikawekwa iliyokuwepo, ikawekewa washa pana ili kichwa kisizame. Nati ilikaza vizuri, ila katikati bolti ilikuwa na milimita mbili za kuogelea. Zaidi ya hapo, kati ya injini na sikio la fremu palitakiwa kuwe na bushi ndogo ya bomba, nayo haikurudishwa. Kwa hiyo kila mwenyewe alipokaza nati alikuwa anapinda sikio la fremu kuelekea injini. Muwasho ulipungua kwa siku mbili tatu, ukarudi, akakaza tena. Sikio lilishaanza ufa wa unywele karibu na weldi. Dawa ilikuwa bolti ya milimita 10 yenye urefu sahihi, bushi yake, nati mpya, na ule ufa kuchomelewa na fundi wa weldi baada ya waya wa betri kufunguliwa. Hakuna kipuri cha bei kubwa kilichoingia.

Nakuomba ufanye hivi. Weka ubao chini ya injini na jeki ya kuushikilia, ili uzito wake usining'inie kwenye bolti. Legeza bolti zote za injini, si moja moja. Legeza pia nati mbili za eksozi pale kichwani na bolti inayoshika eksozi nyuma, maana bomba la eksozi lililofungwa kwa kulazimishwa linaivuta injini upande na kuiweka kwenye mkazo muda wote. Sasa toa kila bolti, ipime unene na tundu lake, angalia kama kila penye nafasi kati ya injini na fremu pana bushi yake. Ukikuta tundu la kibao limekuwa yai, badilisha kibao. Hiki ni kipande kidogo kinachofunguka na mafundi wa vyuma wanakikata. Tundu la injini yenyewe likiwa yai, ipeleke kwenye karakana ya kuchonga vyuma lipanuliwe na kutiwa bushi ya chuma. Usijaribu kujaza nafasi kwa kipande cha kopo la soda. Kinakaa wiki moja.

Rudisha bolti zote kwa mkono. Bolti inayohitaji nyundo ili iingie inakwambia injini haijakaa mahali pake: pandisha au shusha jeki kidogo mpaka iteleze yenyewe. Zikishaingia zote ndipo ukaze, kidogo kidogo, ukizunguka kutoka moja hadi nyingine, na eksozi iwe ya mwisho: kwanza nati za kichwani, kisha bolti ya nyuma. Hapa ndipo nadhani kukaza kwako kulipokosea. Ulikaza kila nati pale ilipokuwa, injini ikiwa imekaa upande, na mkazo wa aina hiyo unapitisha mtetemo kwenye fremu kuliko hata bolti iliyolegea kidogo.

Kuhusu nguvu ya kukaza, kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho, ila kwa kawaida bolti ya milimita 8 inahitaji nyutoni mita 25 hivi na ya milimita 10 inahitaji 45 hivi. Huna spana ya kupimia? Chukua ule mzani wa ndoano wa kupimia mzigo. Ukiufunga kwenye spana sentimita 20 kutoka katikati ya nati, ukavuta kwa pembe mraba mpaka usome kilo 13, umefika nyutoni mita 25. Kwa 45, funga sentimita 25 kutoka katikati na uvute mpaka kilo 18. Uzi uwe mkavu na safi, kwa sababu uzi wenye oili unateleza na utaivuta bolti kupita kiasi. Nati yenye plastiki ndani ikizungushika kwa vidole mpaka mwisho imeshakufa, weka mpya. Ukimaliza, chora mstari mmoja wa rangi unaotoka kwenye nati mpaka kwenye fremu. Baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500, angalia tu mistari. Uliokatika ndiyo nati iliyotembea, na hutalazimika tena kupita na spana ukikaza hata zisizohitaji.

Bomba la vikanyagio lipe muda wake. Shika kikanyagio ukisukume mbele na nyuma kwa nguvu. Pini ya kukunjia ikiwa imelika, kikanyagio kinagongana na kishikio chake na kuuongeza mtetemo hata injini ikiwa sawa. Raba iliyokuwa ngumu na kung'aa haimezi kitu tena. Mpya bei yake ni ndogo na nyayo zitaona tofauti siku hiyohiyo. Ila usibadilishe raba kwanza ukaacha bolti, kwa maana utauficha mtetemo huku fremu inaendelea kupasuka.

Sasa usukani. Umesema tairi la mbele ni jipya, basi kabla ya kuzungumzia balansi hakikisha limekaa. Pembeni mwa tairi, karibu na rimu, kuna mstari mwembamba wa raba unaozunguka duara nzima. Nafasi kati ya mstari huo na ukingo wa rimu inatakiwa iwe sawa kote, pande zote mbili. Mara nyingi utakuta sehemu moja, hasa karibu na jiti, mstari umezama. Hapo tairi halijapanda, na ukilizungusha linaruka kama lina nundu. Toa upepo, paka maji ya sabuni kwenye ukingo wote, sukuma jiti ndani kidogo ili tyubu isibanwe, jaza upepo mpaka mstari utokee sawa, kisha rudisha kwenye kipimo chake. Pikipiki nyingi za ukubwa huu zinataka upepo wa psi 25 mbele. Fuata kibandiko cha yako.

Kisha angalia rimu. Funga waya mgumu kwenye shokapu ya mbele, ncha yake iguse karibu ukingo wa rimu, gurudumu likiwa juu, na ulizungushe polepole. Nafasi ikibadilika zaidi ya milimita 2, upande kwa upande au juu na chini, rimu imepinda au spoki zimelegea. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya mfu. Kunyoosha rimu kwa spoki ni kazi ya fundi mwenye mkono huo, usijifunzie kwenye gurudumu unalobebea abiria. Ila usibalansi gurudumu ambalo halijanyooka, utakuwa unaweka uzito juu ya kosa jingine.

Balansi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani. Toa gurudumu la mbele, toa na sahani ya breki ili isiburuze. Pitisha ekseli, iweke juu ya vigogo viwili au viti viwili vilivyo sawa, gurudumu lizunguke bila kugusa kitu. Beringi lazima ziwe laini, na kama kuna sili inayobana, itoe kwa muda. Lisukume kidogo uliache. Sehemu nzito itashuka chini na kusimama. Weka alama ya chaki juu kabisa, mkabala nayo, rudia mara kadhaa. Likisimama kila mara mahali palepale, una uzito wa kusawazisha. Chukua risasi ya waya ile ya kulehemu, pima gramu 10, izungushe kwenye spoki iliyo karibu na chaki, jirani na rimu. Jaribu tena. Bado linashuka? Ongeza 10, kisha 5, mpaka ulisimamishe popote na likae. Halafu finya ile risasi kwa koleo na uifunge vizuri isiteleze wala isiguse shokapu.

Mara nyingi utaishia kati ya gramu 20 na 40. Ukipita 60, acha kuongeza na utafute sababu: tairi halijakaa, tyubu imejikunja ndani, au kuna kiraka kizito juu ya kiraka. Usidharau namba hizo. Gramu 30 kwenye ukingo wa rimu ya inchi 17, kwa mwendo wa 60, zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 2, zikigeuka juu na chini mara tisa kila sekunde. Ukifika 80 zinakaribia kilo 4, kwa sababu mwendo ukizidi kidogo nguvu hiyo inazidi sana. Ndiyo maana huoni kitu ukiwa 40, ukifika 60 usukani unaanza.

Yule aliyetaja beringi za usukani hakusema uongo, ila hicho si cha kuanzia. Inua gurudumu la mbele, shika miguu ya shokapu kwa chini, vuta na sukuma. Ukisikia mgongano, zimelegea. Kisha geuza usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia: ukinasa katikati kama unaingia kwenye kishimo, zimelika na zinabadilishwa, kuzikaza hakutasaidia. Beringi za namna hiyo huonekana zaidi pikipiki inapopunguza mwendo, au ukifunga breki ya mbele, kuliko ukiwa umeshikilia 60 sawasawa. Zako zilikuwa kimya kabla ya siku ya tairi, kwa hiyo sizishuku sana.

Mnyororo nao ucheki kwa haraka. Ulegevu wa milimita 20 hadi 30 katikati, upime sehemu tano za mzunguko. Ukikaza sehemu moja na kulegea sana nyingine, mnyororo na sproketi zimekwisha, na hilo huleta mngurumo wa miguuni ukivuta mafuta, unaopungua ukiachia.

Kuna vizito vya kufunga ncha za usukani vinavyouzwa. Vinasaidia, kwa sababu vinaushusha mtetemo wa bomba la usukani, lakini vifunge baada ya haya yote, kwa ule mtetemo mdogo wa kawaida wa silinda moja ambao hautaisha. Ukifunga sasa utausahau ufa. Wakati unaendelea kuendesha, legeza mshiko: mkono unaobana sana unapokea mtetemo mwingi zaidi.

Vidole vyako. Kuwasha kwa dakika chache baada ya kupaki hutokea kwa wengi. Lakini ganzi ikikaa mpaka usiku, ikikuamsha usingizini, au vidole vikianza kuwa vyeupe asubuhi ya baridi, nenda hospitali umwambie daktari kazi unayofanya na muda unaokaa juu ya pikipiki. Mishipa ya fahamu ikishaharibika kwa mtetemo, kurudi kwake ni kugumu.

Bolti zikiwa sahihi, injini imekaa bila mkazo, na muwasho wa nyayo ukabaki palepale ulipokuwa, basi rudi kwa aliyefungua injini. Muulize kama pistoni iliyowekwa ina uzito sawa na ya zamani, maana nzito zaidi inaharibu balansi ya krenki na hakuna bolti itakayoirekebisha. Kama bado anayo ya zamani, ipime kwenye mzani wa sonara pamoja na pini yake, kisha aulize dukani uzito wa ile mpya kabla ya kufungua chochote. Ukisikia na mgongano mzito wa chini unaoongezeka ukivuta mafuta, usiendelee kubeba abiria. Hizo zinaweza kuwa beringi za krenki au za konrodi, na hapo injini inarudi mezani.